Usizivumbike: nyanya za Biryogo na baridi ya usiku

Anayejua kuivisha ndizi anajua pia kuozesha nyanya, hata kama hajijui. Ndizi mbichi unazichimbia shimo, unatandika majani, unaingiza moshi kidogo, unafunika na udongo, na baada ya siku chache zimeiva zote kwa pamoja. Kwa Kiswahili umezivumbika. Wenzetu wa mashambani wanaotengeneza urwagwa huliita shimo hilo urwina. Mle ndani yanafanya kazi mambo matatu: joto lisilopata njia ya kutoka, hewa isiyobadilika, na gesi ya ethilini inayotoka kwenye moshi na kwenye ndizi zenyewe.

Sasa pita Biryogo, hapa Kigali, baada ya Magharibi, uangalie mama wa nyanya anavyofunga biashara. Zilizobaki anazirudisha kwenye kreti. Kreti inaingizwa chumbani, inafunikwa shitingi ili panya wasifike, na juu ya shitingi unawekwa mkungu wa ndizi mbivu za kuuza kesho. Pembeni imbabura bado ina makaa ya chakula cha jioni. Chumba ni cha bati, watu wanne wanalala humo, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu. Huo ni urwina usiochimbwa.

Jirani yangu mmoja, hajati wa siku nyingi anayeuza nyanya mlangoni kwake, nilipomwambia hivyo alinitazama kama mtu aliyekosa adabu. "Mwanangu, mimi nazifunika zisiharibike. Wewe unaniambia kufunika ndiko kunakoziharibu?"

"Usiku ndiyo, hajati. Mchana ni habari nyingine."

Makala haya yanaeleza hiyo habari nyingine. Kigali iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake hushuka hadi digrii 16 hivi karibu mwaka mzima. Nyanya ambayo haijaiva sawasawa hupenda kukaa kati ya digrii 12 na 15. Kwa hiyo mtu wa Biryogo analetewa kila usiku baridi inayokaribia kabisa ile ambayo mwenye nyanya wa Mombasa au Dar es Salaam hana budi kuinunua kwa umeme. Tatizo letu ni kwamba baridi hiyo inapofika, tunakuwa tumeshazifungia nyanya ndani.

Kwanza joto lenyewe. Nyanya iliyochumwa inaendelea kupumua: inavuta oksijeni, inachoma sukari yake, inatoa kaboni dayoksaidi, maji na joto. Kwenye mti ilikuwa inaletewa sukari nyingine. Ndani ya kreti inakula akiba. Kilo moja ya nyanya ina sukari ya gramu 25 hivi, na ikikaa kwenye digrii 25 inachoma zaidi kidogo ya nusu gramu kwa siku. Si nyingi. Lakini kupumua ni saa inayopimia mambo mengine yote, yaani kulainika, kuiva na kuishiwa nguvu ya kupigana na ukungu, na saa hiyo huendeshwa na joto. Panda digrii 10, mwendo wake unakuwa mara mbili au zaidi. Shuka digrii 10, unapungua kwa nusu au zaidi.

Joto linalotokana na huko kupumua ni kiasi gani? Tuchukue kreti moja ya kilo 25 iliyo kwenye digrii 25. Kwa siku moja nyanya hizo hutoa karibu kilokalori 65. Kupandisha kilo 25 za nyanya kwa digrii 1 kunahitaji kilokalori 24. Kama joto hilo lisingepata pa kutokea, kreti ingejipasha yenyewe kwa karibu digrii 3 kwa siku, na kesho yake, kwa kuwa sasa ina joto zaidi, ingejipasha kwa kasi zaidi. Ndiyo maana ukiingiza mkono katikati ya kreti iliyofunikwa tangu jana unakuta vuguvugu ambalo juu halipo. Watu hudhani ni joto la chumba. Ni la nyanya.

Hata hivyo, adui mkubwa zaidi huingia mapema kuliko hapo. Nyanya iliyopigwa na jua la saa nane huweza kupita joto la hewa kwa digrii 8 au 10. Digrii 10 kwenye kreti yetu ni kilokalori 240, sawa na joto ambalo nyanya hizo zingejitengenezea kwa zaidi ya siku tatu na nusu. Kwa maneno mengine, mkulima wa Bugesera aliyechuma mchana na kuacha mizigo barabarani ikisubiri gari amezizeesha nyanya kabla hazijafika mjini. Huwezi kumlazimisha achume alfajiri, ingawa ukiweza kumwomba mwombe. Unachoweza kufanya wewe ni kulitoa joto hilo usiku wa kwanza kabisa. Kila usiku unaopita nalo ndani ni siku iliyouzwa bure.

Inafuata kuchagua, na hapa ndipo wengi wanapopoteza kwa sababu wananunua kreti kama kitu kimoja. Asubuhi Nyabugogo, Kwa Mutangana, macho huenda kwenye tabaka la juu ambalo muuzaji amelipanga likavutia. Omba ruhusa uingize mkono katikati. Ukihisi joto kuliko la hewa ya asubuhi, ujue zilichumwa na jua au zimekaa zimefunikwa. Hizo zina siku chache kuliko rangi yao inavyoonyesha. Tazama pia chini ya kreti. Ukiona maji yanadondoka, kuna zilizopasuka, na maji ya nyanya iliyopasuka ndiyo yanayosafirisha uozo kwenda kwa majirani zake.

Ukifika nyumbani mwaga polepole juu ya meza au mkeka kivulini, uzitenge kwa rangi. Zilizopasuka, zilizobonyea na zenye doa laini huenda jikoni leo, bila huruma. Nyekundu kabisa ni za kuuza leo na kesho. Za waridi, ambazo wekundu umepita nusu, ni za siku zinazofuata. Zile ambazo ncha ya chini ndiyo kwanza imegeuka kuwa ya manjano au yenye wekundu kidogo ndizo akiba yako, na juu yake kazi yote ya usiku ina faida kubwa.

Faida hiyo inapimika. Nyanya iliyoanza tu kubadilika, ikikaa kwenye digrii 25, inakuwa nyekundu kamili kwa siku 5 hivi. Kwenye digrii 20 inachukua siku 8. Kwenye digrii 17 na nusu inachukua siku 10. Ile ya waridi inachukua siku 2 kwenye digrii 25, na 4 kwenye digrii 20. Siku mbili au tatu si muujiza, lakini kwa mtu anayenunua Alhamisi na ambaye wateja wake wakubwa, migahawa ya ile mitaa iliyofungiwa magari na kupakwa rangi, huja Jumamosi na Jumapili, siku hizo ndizo tofauti ya kuuza nyanya ya kachumbari na kuuza nyanya ya mchuzi. Bei zake hazilingani.

Kutenga rangi kuna sababu ya pili. Nyanya inayoiva hutoa ethilini, gesi ileile ya kwenye urwina, na gesi hiyo huziambia za jirani ziive. Nyekundu moja katikati ya zile za akiba ni kama mtu anayepiga ngoma watoto wakilala. Ndizi mbivu nazo hupiga ngoma hiyo, parachichi kwa nguvu zaidi, na moshi wa makaa na wa pikipiki pia una ethilini ndani yake. Kwa hiyo ndizi chumba kingine, imbabura nje, na kreti isiwekwe pale mlangoni ambapo vijana wa moto wanaacha injini ikiunguruma wakisubiri abiria.

Sasa usiku. Unahitaji kichanja: fremu ya mbao yenye wavu mgumu wa waya chini yake, iliyoinuliwa kwa matofali au miguu hadi kufika magotini. Fremu ya mita 1 kwa mita 1 inabeba kreti moja ikitandazwa kwa tabaka mbili. Tengeneza na fremu ya pili yenye wavu huohuo iwe kifuniko, uifunge kwa bawaba na kufuli. Kifuniko hicho ndicho jibu la panya, na shitingi haikuwa jibu tangu mwanzo. Panya hutoboa shitingi akipenda, lakini waya haumpi nafasi, na hewa inapita. Weka kichanja uani chini ya paa au upenuni, mahali mvua isipofika. Kama ua ni wa wapangaji wengi na unaogopa wezi, koridoni penye upepo panatosha, ilimradi si chumba cha kulala watu.

Zitandaze jua likishazama na hewa ikishaanza kupoa, saa moja au saa mbili usiku. Zilaze kwa upande wa kovu la kikonyo kwenda chini, kwa sababu mabega ya nyanya ndiyo magumu na ncha ndiyo inayolainika kwanza. Kovu hilo pia ndilo pua yake: ngozi ya nyanya ina nta na haipitishi kitu kwa urahisi, hivyo hewa na maji yake mengi hupitia pale kikonyo kilipokuwa. Kama zina vikonyo virefu, vitoe kwa mkono mmoja mmoja. Kikonyo kikavu hutoboa jirani kama mwiba.

Kwa nini kuzitandaza, na si kuiacha kreti wazi tu? Jaribu usiku mmoja uone. Chukua kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo, kichomeke katikati ya kreti iliyojaa, uiache nje hadi alfajiri. Tabaka la juu litakuwa limepoa vizuri huku katikati kukiwa bado na joto la jana, kwa sababu nyanya zimebanana na hewa ya usiku wa Kigali huwa imetulia, haina nguvu ya kupenya. Tandaza tabaka mbili, kila nyanya ikiguswa na hewa, nazo zitafika karibu na digrii 18 au chini yake kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Kama nafasi haipo, basi angalau gawa kreti moja iwe mbili nusunusu, uziweke juu ya matofali hewa ipite chini.

Anayeamka kwa ajili ya swala ya Alfajiri ana bahati katika kazi hii, kwani saa hiyo ndiyo ya kuvuna baridi. Zirudishe kwenye kreti safi kabla jua halijapiga ua, ukiwa unazipitia mkononi moja moja. Iliyolainika au yenye doa la maji itoke. Ukikuta manyoya meupe yenye vichwa vyeusi vidogo kama pini, huo ni ukungu unaorukia zilizoguswa na maji yake. Toa na zile tatu nne zilizokuwa zimeigusa, hata kama zinaonekana nzima, uzipike siku hiyohiyo. Kwenye kreti isiyokaguliwa, doa moja la Ijumaa huwa kiota kizima Jumapili.

Na mchana, hajati? Mchana ndiyo unafunika. Nyanya zimeshapoa, hewa ya nje ndiyo inayopanda hadi digrii 26 au 27, kwa hiyo sasa unazuia joto lisiingie. Hii ndiyo tofauti na kuvumbika: kuvumbika ni kufunga vitu vya moto, na hapa unafunga vitu vya baridi, tena kwa kitambaa kinachopitisha hewa, halafu unavifungua kila jioni. Nyanya zilizo kwenye digrii 18 zinajipasha kwa chini ya digrii 2 kwa siku nzima. Joto dogo hilo linaweza kuondolewa na maji kidogo tu.

Maji yanapokauka hubeba joto. Lita moja ikikauka inaondoka na kilokalori 580 hivi. Ukirudi kwenye hesabu yetu, kuishusha kreti ya kilo 25 kwa digrii 8 kunahitaji maji ya theluthi moja ya lita tu. Kwa vitendo utatumia kama mara kumi ya kiasi hicho, kwa sababu maji yanapoza pia hewa inayopita na ukuta ulio jirani, lakini hesabu inaonyesha kwamba kazi hii haihitaji jerikani tano. Kwa kreti moja, lita 3 au 4 kwa siku ya kiangazi zinatosha, na zinaweza kuwa maji ya mvua uliyokinga au yale uliyosuuzia mchele.

Nimejaribu vitu vingi vya kulowesha, na kilichonipendeza kuliko vyote ni kanga kuukuu. Pamba iliyofuliwa miaka hunywa maji na kuyapandisha yenyewe. Kitenge kipya hakinywi vizuri, maji yanateleza juu yake. Shuka la poliesta nalo halinywi. Gunia la kahawa ni zuri kwa unene, ila likikauka juu halijivutii maji kutoka chini, itabidi ulimwagie kila baada ya saa mbili.

Weka kreti kivulini juu ya matofali manne. Izungushie vijiti au fremu nyepesi ili kitambaa kisiiguse: acha upana wa kiganja kati ya kitambaa na kreti. Juu ya fremu weka karai la maji. Kanga ikunjwe ncha zake ziingie ndani ya karai na mwili wake uning'inie kuzunguka pande zote, nusu shubiri juu ya sakafu. Maji yatashuka kupitia kanga kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Mahali hapo pawe na mwendo wa hewa, yaani uchochoroni, si kwenye kona. Kitambaa kisigusane na nyanya, na maji yasidondoke ndani ya kreti. Unachotaka ni hewa baridi yenye unyevu, si nyanya zilizolowa.

Je, inafanya kazi siku zote? Hapana. Kabla hujajisumbua, pima. Nunua vipimajoto viwili vya kioo vya aina moja. Kimoja kiache kikavu. Kingine kifunge pamba iliyoloweshwa kwenye kichwa chake, ukipepee kwa kipande cha kadibodi kwa dakika tano, kisha usome vyote viwili. Kilicholowa kinakuonyesha kikomo: hakuna chungu, kanga wala tofali lenye maji litakalopoza chini ya hapo. Julai au Agosti saa tisa alasiri, hewa ikiwa na digrii 27 na unyevu wake ni nusu tu ya unaoweza kubeba, kilicholowa kitashuka hadi 19 au 20. Tofauti ni digrii 7 au 8, na kifaa kilichotengenezwa vizuri kitakupa kama theluthi mbili ya hiyo. Inafaa. Aprili mvua ikinyesha, hewa ina digrii 24 na kilicholowa kinasoma 22. Usipoteze maji. Mimi nimejiwekea mpaka: tofauti ikiwa chini ya digrii 4, kanga inarudi kabatini.

Wenye mizigo mikubwa, tuseme kreti nne kwa wakati mmoja, wanaweza kujenga chumba cha matofali kisichotumia umeme. Mtindo huu ulibuniwa na watafiti wa taasisi ya kilimo ya India huko Delhi miaka ya 1980, nao ni wa kawaida kabisa: kuta mbili za matofali zinazozungukana, kati yake nafasi ya sentimita 7 na nusu iliyojazwa mchanga wa mtoni, kifuniko cha majani au matete, na mchanga unaloweshwa asubuhi na jioni. Wa asili ulikuwa na urefu wa sentimita 165, upana 115 na kimo 67 na nusu, ukibeba kilo 100 hivi. Kwa hapa Rwanda nina onyo moja. Tofali la rukarakara, lile la udongo lisilochomwa, halifai. Ukililowesha kila siku litageuka tope na ukuta utalala juu ya nyanya zako. Tumia tofali la kuchoma, lisilopakwa rangi wala saruji upande wa nje, maana saruji huziba vinyweleo ambavyo maji yanatokea. Chungu ndani ya chungu chenye mchanga katikati, kile ambacho mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alikieneza na kupewa tuzo ya Rolex mwaka 2000, kinafuata kanuni hiyohiyo, na nacho kiwe cha udongo mtupu, si kilichong'arishwa. Ila kinabeba kilo chache. Kwa jikoni kinafaa, kwa muuzaji hakitoshi.

Yapo makosa mawili ambayo watu makini ndio huyafanya. La kwanza ni kuosha. Nyanya zimetoka Nyabugogo zina vumbi na bado zina joto, mtu anazitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili zing'ae. Hewa iliyo ndani ya nyanya hupoa, hujikunja, na nyanya hunyonya maji ya beseni kupitia kovu la kikonyo, pamoja na vijidudu vyote vya beseni hilo. Nje inang'aa, baada ya siku mbili tatu inaoza kuanzia ndani, kwenye bega, na mwenyewe analaumu mkulima. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Cha kuoshwa ni kreti na kichanja: javeli ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula kwenye lita 10 za maji, baada ya kusugua uchafu kwanza kwa sabuni, kisha kuanika juani hadi vikauke. Kreti ya mbao yenye misumari na vibanzi ipigwe msasa au itandikwe kadibodi, vinginevyo unazitia nyanya majeraha, na nyanya yenye jeraha hupumua haraka kuliko nzima.

La pili ni jasho. Katika msimu wa mvua, nyanya zilizopoa usiku zikikutana na hewa ya asubuhi yenye unyevu mwingi hutoa matone madogo kama chupa ya soda iliyotoka baridini. Ukizifunika zikiwa hivyo, ukungu umepata maji ya kunywa. Ziache wazi kivulini hadi zikauke, kisha ndipo ufunike, kwa kitambaa kikavu.

Wenye friji huniuliza kwa nini wasiziweke humo tu. Iliyoiva kabisa unaweza kuiweka siku mbili tatu. Isiyoiva usiiweke: friji ya nyumbani ni digrii 4 au 5, na nyanya ya akiba ikikaa huko siku kadhaa inaumia kwa baridi. Ukiitoa haiivi sawa, inabaki na mabaka, inakuwa ya ungaunga mdomoni na inaoza upesi. Kwenye jambo hili upenu wa Biryogo ni bora kuliko friji, na sisemi hivyo kujifariji. Kuhusu mfuko wa plastiki sina haja ya kuonya sana, kwani Rwanda iliupiga marufuku tangu 2008. Mfuko wa karatasi anaopewa mteja leo unaiacha nyanya ipumue.

Kinachobaki ni ule msimu mgumu wenyewe, Machi hadi Mei. Kanga haipozi, nyanya zinatoka shambani zikiwa na maji mengi na ngozi zenye nyufa, na ukungu unafurahi. Usiku bado unashuka hadi digrii 16, kwa hiyo kichanja kinaendelea kazi, lakini mchana huna ulinzi zaidi ya kivuli na upepo. Hapo badili ununuzi: nusu kreti mara mbili kwa wiki badala ya kreti nzima mara moja, na uombe zilizoanza tu kubadilika, zilizochumwa siku isiyo na mvua ikiwezekana. Ziweke kwa tabaka moja mchana na usiku, zikaguliwe asubuhi na alasiri. Zinazolainika zipikwe jioni hiyo, zichemke bila mfuniko hadi zipungue kwa nusu, ziuzwe asubuhi kwa wapika maharage.

Hajati alitengenezewa kichanja chake na fundi wa jirani, kwa mbao za kitanda kilichovunjika. Bado anaweka ndizi juu ya kifuniko. Nimemwambia mara tatu.